Ampia 0.16 kando ya ampia 28: kisa cha mota ya pampu na dirisha lililochaguliwa kwa namba moja

Mota yenyewe ni ya kawaida kabisa: kilowati 15, fazi tatu, nguzo nne, bamba lake linasoma mizunguko 1465 kwa dakika. Inazungusha pampu kwenye kituo cha kusukuma maji. Fundi wa pale alianza kusikia mvumo unaopanda na kushuka polepole, akashuku kwamba fito za rota zimeanza kukatika. Kufungua mota si kazi ndogo, kwa hiyo alifunga klampu kwenye waya wa fazi moja, akarekodi mkondo kwa sekunde 4 kwa sampuli 1000 kila sekunde, kisha akapitisha rekodi kwenye FFT, hesabu inayotoa spektra, yaani picha ya masafa yaliyomo kwenye mkondo na ukubwa wa kila moja. Alichoniletea kilikuwa picha tatu za rekodi ileile. Moja haikuonyesha kitu, ya pili ilionyesha hitilafu kubwa, ya tatu ilionyesha hitilafu ya wastani. Tofauti ya picha hizo ilikuwa dirisha tu, yaani umbo ambalo rekodi huzidishwa nalo kabla ya FFT.

Nitakieleza kisa hiki kwa namba zake, kwa sababu ndani yake mna jambo ambalo majedwali ya madirisha hulificha.

Kwanza tujue tunatafuta nini. Fito ya rota inapokatika, mkondo wa mota hupata mistari miwili midogo kando ya masafa ya gridi, mmoja chini na mwingine juu. Kwa mota ya nguzo nne hesabu ya umbali wake ni fupi: chukua kasi ya uga wa sumaku, toa kasi halisi ya rota, gawanya kwa 15, unapata umbali kwa Hz. Siku ile gridi ilikuwa kwenye Hz 49.875. Uga wa sumaku basi ulizunguka mara 1496.25 kwa dakika. Kipima kasi kilisoma 1466. Tofauti ni 30.25, ukigawanya kwa 15 unapata Hz 2.017. Mstari wa chini unapaswa kukaa kwenye Hz 47.858 na wa juu kwenye 51.892.

Ukubwa wake ndio tatizo. Watu wa kazi hii kwa kawaida huanza kuwa na wasiwasi mstari wa pembeni unapofika karibu na dB 45 chini ya mkondo mkuu. Mota ilikuwa inavuta ampia 28, na dB 45 chini ya hapo ni ampia 0.157. Kwa hiyo tunatafuta ampia 0.16 iliyokaa Hz 2 tu kutoka kwenye ampia 28.

Rekodi ya sekunde 4 huigawa spektra katika visanduku vyenye upana wa Hz 0.25. Kisanduku cha 199 ni Hz 49.75, cha 200 ni Hz 50. Gridi kwenye 49.875 iko katikati kabisa ya viwili hivyo, na hapo ndipo uvujaji unapokuwa mbaya kuliko popote. FFT huichukulia rekodi kana kwamba inajirudia bila mwisho, mwisho wa rekodi ukiungwa na mwanzo wake. Gridi inapomaliza mizunguko 199 na nusu ndani ya sekunde 4, mwisho haukutani na mwanzo. Mkondo uko juu upande mmoja wa kiungo na chini upande wa pili. Mruko huo si sehemu ya umeme wa mota, tumeutengeneza sisi kwa kukata, na kuueleza kunahitaji masafa mengi. Nguvu ya ampia 28 inatawanyika hadi kwenye visanduku ambavyo havina kitu.

Inatawanyika kiasi gani? Bila dirisha lolote, yaani kwa dirisha la mstatili, mstari ulio katikati ya visanduku huacha kwenye kisanduku kilicho umbali wa d kiasi cha 1/(πd) ya ukubwa wake. Mstari wetu wa chini unaangukia kati ya kisanduku cha 191 na cha 192. Kisanduku cha 191 kiko umbali wa 8.5 kutoka kwenye gridi. Moja gawanya kwa 3.1416 mara 8.5 ni 0.0375. Zidisha kwa ampia 28, unapata ampia 1.05. Uvujaji peke yake umeacha ampia moja nzima mahali tunapotafuta ampia 0.16. Picha ya kwanza ya fundi ilikuwa hiyo: mteremko laini pande zote mbili za gridi, bila hata kinundu cha kutia shaka.

Kuna watu husema dawa ni kukata rekodi ili iwe na mizunguko kamili. Kwenye meza ya maabara, ambako wewe mwenyewe unatawala masafa, inafanya kazi vizuri sana. Gridi haikubaliani na hilo. Chukua gridi iliyoko kwenye Hz 50.01 badala ya 50 kamili: katika sekunde 4 hiyo ni kosa la 0.04 ya kisanduku tu. Hata hivyo uvujaji wa mstatili kwenye umbali wa visanduku 8 unakuwa dB 46 chini, sawasawa na kitu unachokitafuta. Gridi hupepesuka zaidi ya 0.01 Hz wakati wote. Hii pia ndiyo sababu mtu anaweza kupima mota hiyohiyo asubuhi na jioni akapata picha mbili zisizofanana, na mota haijabadilika hata kidogo.

Basi tunahitaji dirisha, yaani kuzidisha rekodi kwa umbo linalopanda taratibu mwanzoni na kushuka taratibu mwishoni, ili kiungo kile kisiwe na mruko. Jamii inayotumika zaidi ni ya kosaini iliyoinuliwa: unachukua wimbi moja la kosaini, unaligeuza, unalipandisha juu ya sifuri kwa kiasi a, na kimo cha wimbi kinakuwa 1 − a. Ukiweka a = 1 umebaki na mstatili. Ukiweka 0.5 unapata dirisha la Hann, lenye jina la Julius von Hann, mtaalamu wa hali ya hewa wa Austria. Ukiweka 0.54 unapata dirisha la Richard Hamming wa maabara ya Bell. Ni jamii moja, tofauti ni namba hiyo moja.

Fundi alichagua Hamming, na alikuwa na sababu. Kila dirisha hugeuza mstari mmoja wa spektra kuwa kilima kikuu chenye vilima vidogo vya pembeni, na vilima hivyo vya pembeni ndivyo uvujaji. Jedwali la programu yake lilisema kilima cha pembeni kirefu kuliko vyote ni dB 31 chini kwa Hann na dB 43 chini kwa Hamming, na upana wa kilima kikuu ni uleule, visanduku vinne. Nani angechukua 31 akiwa na 43 kwa bei ileile? Picha ya pili, iliyoonyesha hitilafu kubwa, ilikuwa ya Hamming.

Ili tuone kilichotokea, tufanye hesabu ambayo karatasi na kalamu vinaitosha. Kuzidisha rekodi kwa kosaini ni sawa na kuchanganya kila kisanduku cha spektra na jirani zake wawili. Kwa Hann unachukua nusu ya kisanduku chenyewe, unatoa robo ya kila jirani. Kwa Hamming unachukua 0.54 ya chenyewe, unatoa 0.23 ya kila jirani. Hakuna kingine kinachotokea. Uvujaji wa mstatili upande mmoja wa gridi hushuka kama 1/d, kwa hiyo kisanduku chetu na jirani zake vina 1/7.5, 1/8.5 na 1/9.5, yaani 0.13333, 0.11765 na 0.10526.

Hann: nusu ya 0.11765 ni 0.05882. Robo ya jumla ya jirani wawili ni 0.05965. Toa, inabaki −0.00083. Karibu kila kitu kimefutika, kwa sababu mteremko wa 1/d huku mbali ni karibu mstari ulionyooka, na kwenye mstari ulionyooka wastani wa jirani wawili ni sawa na aliye katikati. Ukigawanya kwa π na kusahihisha ule upungufu wa nusu unaoletwa na dirisha, unapata 0.00053 ya gridi, yaani ampia 0.015.

Hamming: 0.54 mara 0.11765 ni 0.06353. 0.23 mara jumla ya jirani ni 0.05488. Inabaki 0.00865, mara kumi zaidi ya Hann. Baada ya kugawanya kwa π na kwa 0.54, ni 0.0051 ya gridi, yaani ampia 0.143.

Sasa weka mstari wenyewe pembeni ya namba hizo. Kwa kuwa hauko katikati ya kisanduku cha 191, unapungua kidogo: Hann inausoma ampia 0.139 na Hamming 0.135. Kwa Hann uvujaji ni ampia 0.015 dhidi ya 0.139, mstari unasimama peke yake. Kwa Hamming uvujaji ni 0.143 dhidi ya 0.135. Vimelingana, na vitu viwili vilivyolingana vikikutana kwenye kisanduku kimoja, kinachosomwa hutegemea fazi yao. Ukitaka kuona mwenyewe:

```python
import numpy as np
fs, N, a = 1000, 4000, 0.54
n = np.arange(N)
p = 0.0
x = 28*np.cos(2*np.pi*49.875*n/fs)
x = x + 0.157*np.cos(2*np.pi*47.858*n/fs + p)
w = a - (1-a)*np.cos(2*np.pi*n/N)
X = np.abs(np.fft.rfft(x*w)) / (w.sum()/2)
print(np.round(X[188:197], 3))
```

Kisanduku cha 191 ni namba ya nne katika zinazochapishwa. Ukiacha a = 0.54 na p = 0 utasoma takriban ampia 0.28, karibu mara mbili ya ukweli. Kwa dB hiyo ni 40 chini ya gridi badala ya 45, na tofauti hiyo inatosha kumfanya mtu aagize rota mpya. Badilisha p iwe np.pi, na kisanduku hichohicho kinashuka hadi karibu 0.03, huku kinundu kikihamia kisanduku cha jirani. Mstari haujabadilika ukubwa. Weka a = 0.5 na p = 0, utaona takriban 0.12 kwenye 191 na 0.15 kwenye 192, kisha bonde lililo wazi kabisa kwenye 193, chini ya 0.02. Bonde hilo ni la kuangaliwa kuliko kilele chenyewe: mstari wa kweli hutenganishwa na gridi kwa bonde, uvujaji wa Hann hauna bonde la namna hiyo, huteremka tu.

Kwa nini basi jedwali lilisema Hamming ni bora? Jedwali halikukosea. Lilijibu swali lingine. Namba ya 43 na ile ya 31 ni za kilima kirefu kuliko vyote, popote kilipo. Kwa Hann kilima hicho kiko karibu, kwenye umbali wa visanduku kama 2.4, na baada ya hapo vilima vinaporomoka kwa kasi: dB 42 kwenye umbali wa 3.5, 54 kwenye 5.5, 66 kwenye 8.5. Kwa Hamming vilima vimekaa karibu usawa mmoja: 44 kwenye 3.5, 43 kwenye 4.5, 46 kwenye 8.5. Hamming inashinda kwa mbali kwenye umbali wa 2.5, inalingana na Hann karibu na 3.5, na kutoka hapo kwenda mbele inazidi kuachwa nyuma.

Sababu iko kwenye kingo za dirisha. Hann inafika sifuri mwanzoni na mwishoni, tena inafika kwa ulaini, bila pembe. Hamming inaishia 0.08. Mruko wa kiungo haujaondoka, umepunguzwa hadi asilimia 8, na mruko wowote, hata mdogo, huvuja kwa kanuni ileile ya 1/d. Ukienda mbali vya kutosha Hamming ni mstatili uliopunguzwa kwa dB 16.6 tu, na haitakaa iwe bora zaidi ya hapo. Hiyo asilimia 8 haikubaki kwa bahati mbaya. Iliachwa makusudi ili mabaki ya mruko yafute kilima cha kwanza cha Hann.

Hapa ndipo mapatano kati ya upana wa kilima kikuu na urefu wa vilima vya pembeni yanapoonekana vizuri, kwa sababu jamii nzima ina fomula moja ya mahali inapogusa sifuri. Mbali na sifuri za kawaida kwenye umbali wa 2, 3, 4 na kuendelea, kuna sifuri moja inayotembea, kwenye umbali ambao mraba wake ni a/(2a − 1). Kwa mstatili, a = 1, sifuri hiyo iko kwenye 1, na ndiyo inayofanya kilima kikuu kiwe chembamba. Ukipunguza a, sifuri inaondoka kuelekea nje na kilima kikuu kinapanuka nayo. Kwa a = 0.7 imefika 1.32, na vilima vya pembeni vimeshuka kutoka dB 13 hadi takriban 24 chini. Hadi hapa unalipa upana na unapewa ushukaji, biashara ya wazi. Kwenye a = 4/7, takriban 0.571, sifuri inayotembea inafika 2 na kukutana na ile ya kudumu. Kuanzia hapo kilima kikuu hakipanuki tena, nusu yake imeganda kwenye visanduku viwili. Sifuri inaendelea na safari yake ndani ya eneo la vilima: Hamming ni pale iliposimama kwenye 2.6, katikati ya kilima cha kwanza, ikakikandamiza. Hann ni pale ilipokwenda mbali bila kikomo. Kwa hiyo kati ya Hamming na Hann kinachobadilishwa hakihusu upana. Unachagua kama ushukaji uutumie karibu au uutumie mbali.

Kwa maoni yangu swali la kwanza la kuuliza kabla ya kuchagua dirisha ni hili: mstari dhaifu ninaoutafuta uko visanduku vingapi kutoka kwenye ule mkubwa? Kwa kisa chetu jibu ni 8, na kwenye 8 Hann inaziacha mbali Hamming na mstatili. Picha ya tatu ya fundi, ya hitilafu ya wastani, ilikuwa ya Hann, na ndiyo niliyoiamini.

Sikuiamini kwa nadharia peke yake. Nilimwomba arekodi tena kwa sekunde 5 badala ya 4. Mstari wa kweli hubaki kwenye Hz zake hata visanduku vikibadilika upana, mabaki ya uvujaji hubadilika ukubwa na mahali. Kisha aibane pampu kidogo ili kasi ipande, na tuone kama mstari unasogea kuelekea gridi kwa kiasi ambacho mgawanyo wa 15 unakitabiri. Ulisogea, na ule wa juu ulisogea pamoja nao. Jaribio hili la mzigo hufaa pia kutenganisha fito zilizokatika na mitikisiko inayotoka kwenye mzigo wenyewe, ambayo nayo huweka mistari kando ya gridi ila haifuati mtelezo wa rota, yaani ile tofauti ya kasi kati ya uga wa sumaku na rota.

Katika kubana pampu, fundi alienda mbali kupita kiasi mara moja, akaleta rekodi ya kasi ya 1490, bado ya sekunde 4. Kwa gridi ileile tofauti ni 6.25, umbali ni Hz 0.417, visanduku 1.67. Hapo tumeingia ndani ya kilima kikuu chenyewe. Kwenye umbali huo Hann bado inabeba karibu asilimia 9 ya mkondo wa gridi, na mstari tunaoutafuta ni nusu ya asilimia moja. Hamming haisaidii, ina kilima kikuu cha upana uleule. Mstatili una kilima chembamba zaidi, lakini vilima vyake vya pembeni ni virefu mno kwa mstari dhaifu kiasi hiki. Uwezo wa mstatili huonekana pale mistari miwili iliyokaribiana inapokuwa na ukubwa unaokaribiana.

Kinachobaki ni muda. Rekodi ya sekunde 20 ina visanduku vya Hz 0.05, na umbali ule wa 0.417 unakuwa visanduku 8.3, tumerudi mahali ambapo Hann inafanya kazi. Gharama yake ni kwamba sasa gridi ikihama kwa Hz 0.05 ndani ya sekunde hizo 20 imehama kisanduku kizima, na mguu wa mstari mkubwa unapanuka bila dirisha kuhusika kabisa. Na mota isiyo na mzigo haina mkondo wa kutosha kwenye rota, kwa hiyo mistari yenyewe inafifia hata fito zikiwa zimekatika. Ndiyo maana nilimwambia fundi aiache ile rekodi ya 1490 na asijaribu kuiokoa kwa dirisha lolote, atumie rekodi za mzigo kamili, Hann, sekunde 4 au zaidi kidogo, na aandike kasi ya rota na masafa ya gridi kwenye kila faili. Bila namba hizo mbili hawezi kujua mstari unatakiwa uwe kwenye kisanduku gani, na kilima chochote kinaweza kuonekana kama fito.